Rangi za daftari: kwa aina ya hoja, kwa somo, au kwa unachokumbuka?

Fungua daftari la mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne na mara nyingi utakutana na njano, pinki, kijani na chungwa zilizojaa ukurasa mzima, hadi neno ambalo halikupakwa rangi ndilo linalovuta jicho. Jioni nzima imekwenda hapo. Lakini funga daftari hilo, umwulize mwenyewe mada ilisema nini, na majibu huja kwa shida.

Chanzo cha tatizo kinajulikana siku nyingi. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwamba kitu kimoja kilicho tofauti ndani ya orodha ya vitu vinavyofanana hukumbukwa kuliko wenzake. Nguvu yote ya hailaita, zile kalamu za wino unaong'aa, inatoka kwenye huo upekee. Ukipaka nusu ya ukurasa, umeua upekee na umebaki na mapambo. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake wanne walipitia mbinu kumi za kujisomea, na kupigia mistari au kupaka rangi wakaiweka katika kundi la mbinu zenye manufaa madogo. Juu kabisa waliweka kujijaribu bila kutazama kitabu, na kusoma kwa kugawa siku badala ya kukesha siku moja.

Je, tuache rangi? Hapana. Nafundisha Historia, na nimeona rangi zikisaidia wanafunzi wengi, kila mara kwa sharti moja: rangi iwe inajibu swali. Swali lenyewe laweza kuwa "hili ni jambo la aina gani?", au "hili ni la somo gani?", au "hili nalikumbuka?" Hayo ni maswali matatu yanayozaa mifumo mitatu tofauti, na fujo nyingi za madaftarini hutokea mtu anapotumia yote matatu kwenye ukurasa mmoja bila kujua. Hapa nailinganisha mifumo hiyo ili uchague unaokufaa.

## Vipimo nitakavyotumia

Kila mfumo nitaupima kwa mambo manne, kisha niseme unamfaa nani. Kwanza, unakudai nini kabla hujagusa karatasi, kwa maana rangi isiyokulazimisha kufikiri haiachi kitu kichwani. Pili, unakupa nini ukirudi kwenye ukurasa ule baada ya wiki. Tatu, unageuka kelele lini, na utajuaje. Nne, vifaa: peni, karatasi, na daftari likienda kwenye fotokopi.

Ili tusizungumze hewani, tutumie aya moja kwa mifumo yote. Ni maelezo ya kawaida ya daftari la Historia:

> Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, kusini mwa koloni la Wajerumani. Wananchi walilazimishwa kulima pamba kwa ujira mdogo mno, na kodi ikadaiwa kwa fedha taslimu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na imani hiyo ikaunganisha makabila mbalimbali. Alinyongwa Agosti 1905, lakini vita vikaenea hadi Ungoni na Mahenge. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mashamba. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Vita viliisha 1907.

Mwanafunzi mwenye haraka hupaka miaka yote, majina yote, na sentensi mbili tatu nzima. Nusu ya aya inakuwa na rangi na hakuna alichoamua.

## Mfumo wa kwanza: rangi kwa aina ya hoja

Hapa kila rangi ina kazi. Kwa Historia napendekeza tatu tu: njano kwa sababu, pinki kwa matokeo, bluu kwa namna jambo lilivyoendeshwa au kuenea.

Unachokudai. Huu ndio mfumo unaodai zaidi wakati wa kusoma, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Chukua aya yetu. "Kulima pamba" na "kodi ikadaiwa kwa fedha" zinapata njano bila ubishi. "Njaa" inapata pinki. Sasa fika kwenye maji ya Kinjikitile. Wanafunzi wengi hupaka njano kwa sababu wamezoea kusikia kwamba watu waliamini maji ndipo wakapigana. Soma tena. Watu wa Matumbi walikuwa na manung'uniko ya pamba na kodi kabla. Maji yaliwapa imani ya kupigana na, zaidi ya hapo, yaliwaunganisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja. Hiyo ni namna vita vilivyoenea, kwa hiyo ni bluu: "imani hiyo ikaunganisha". Mwanafunzi aliyesita hapo kwa dakika moja, akabishana na mwenzake kisha akachagua bluu, hataandika insha inayosema vita vilisababishwa na ushirikina.

Kuna mtego mwingine mzuri zaidi: "kuchoma vijiji na mashamba". Ukiuliza kuhusu vita, hiyo ni mbinu ya Wajerumani. Ukiuliza kuhusu njaa, hiyo ni sababu. Jambo moja linastahili rangi mbili, na hapo wanafunzi huanza kupaka rangi juu ya rangi. Dawa yake ni kuandika swali juu ya ukurasa kabla ya kufungua hailaita. Ukiandika "Kwa nini vita vilianza, na vilileta nini?", kuchoma mashamba hakuhitaji njano, kwa kuwa si chanzo cha vita, kunaweza kubaki bila rangi au kukapata bluu. Rangi ni ya swali, na swali likibadilika rangi nayo hubadilika.

Sharti dogo lakini la lazima: soma aya hadi mwisho kwanza, mkono ukiwa mbali na kalamu. Kwenye usomaji wa kwanza kila sentensi huonekana muhimu, kwa sababu hujui inayofuata inasema nini.

Unachokupa baadaye. Maswali ya insha hupenda kuomba hoja kadhaa za aina moja: sababu za hiki, athari za kile. Daftari lililopakwa hivi linakuruhusu kupita kurasa nne ukisoma njano peke yake na kukusanya sababu zote. Tena linakuonyesha pengo. Ukiona mada nzima ina njano saba na pinki moja, ama mwalimu hakufika kwenye athari, ama wewe hukuandika siku hiyo.

Unapogeuka kelele. Aina zikizidi nne, jicho linaanza kutafuta maana ya rangi badala ya kusoma. Dalili ya pili ni kulazimika kufungua ukurasa wa mbele kuangalia ufunguo wa rangi. Ya tatu ni rangi moja kuwa na maana mbili, mathalani pinki ni matokeo kwenye Historia na fasili kwenye Biolojia. Maana za rangi zikae zilezile kwa masomo yote kadiri inavyowezekana. Ukishindwa, mfumo huu utumie kwenye somo moja au mawili tu.

Kipimo cha haraka: soma kwa sauti maneno yenye rangi tu, ukiruka mengine yote. Kwenye aya yetu utasikia "kulima pamba… kodi ikadaiwa kwa fedha… imani hiyo ikaunganisha… njaa". Hayo ni maneno kumi hivi katika aya ya zaidi ya maneno sabini, na mtu anayeijua mada anaweza kuijenga upya kutoka hapo. Ukisoma yenye rangi na yakawa karibu aya nzima, umepaka mno. Yakiwa majina na miaka mitupu, hukupaka hoja.

Miaka, kwa maoni yangu, isipewe rangi kabisa kwenye mfumo huu. Tarakimu tayari zinaonekana katikati ya maneno. Ziandike tena pembeni ya ukurasa kwa peni, basi.

Vifaa. Hailaita tatu zinatosha. Subiri wino wa peni ukauke, hasa ukitumia peni ya jeli, la sivyo hailaita itauburuta na kuchafua ncha yake. Karatasi za madaftari mengi ni nyembamba na rangi hupenya upande wa pili. Penseli za rangi hazipenyi, na kwa daftari la kurasa zilizoandikwa pande zote nazipenda kuliko hailaita. Na kama maandishi yako huzunguka darasani kwa fotokopi nyeusi na nyeupe, kumbuka kwamba njano karibu itoweke kabisa, wakati bluu na pinki nzito huweza kugeuka ukungu wa kijivu juu ya maneno. Mwenzako atapata ukurasa ulio mbaya kuliko usiopakwa. Kopi ifanywe kabla ya kupaka.

Unamfaa nani. Anayesoma masomo ya maelezo marefu na kujibu kwa insha: Historia, Uraia, Jiografia ya watu, fasihi. Unamfaa pia anayejikuta akisoma ukurasa mzima huku akili iko kwingine, kwa sababu kuchagua rangi kunamrudisha. Haumsaidii sana mwenye ukurasa wa Hisabati, ambako mpangilio wa hatua ndio unaosema kila kitu.

## Mfumo wa pili: rangi kwa somo

Historia bluu, Kiswahili kijani, Biolojia chungwa, na kadhalika.

Unachokudai. Karibu si kitu, baada ya kuamua mara ya kwanza. Ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake.

Unachokupa baadaye. Unakupa kupata kitu haraka. Asubuhi saa kumi na moja na nusu, taa hafifu, unavuta daftari lenye utepe wa kijani mgongoni bila kusoma jina. Kwenye ratiba ya wiki unaona kwa mtazamo mmoja kwamba bluu iko siku tano na chungwa haipo popote, yaani unasoma unachokipenda na kukimbia kinachokushinda. Hilo la mwisho ni taarifa ya thamani ambayo mifumo mingine miwili haikupi.

Haukupi kumbukumbu ya yaliyomo. Ukipaka aya yetu ya Majimaji bluu kwa kuwa ni Historia, kila neno lina rangi moja na wenzake, na von Restorff hana la kukusaidia. Kwa hiyo rangi ya somo ikae nje: kwenye jalada, mgongoni mwa kaunta buku, kwenye kona ya juu ya ukurasa ukitumia karatasi za kufungia faili. Ndani, maandishi yabaki meusi au ya bluu ya peni ya kawaida.

Unapogeuka kelele. Pale masomo yanapozidi rangi. Mtu mwenye masomo tisa ataanza kutumia kijani kibichi, kijani cha jani na kijani cha bahari, na usiku hawezi kuvitofautisha. Ukifika hapo, panga kwa familia: lugha zote rangi moja, sayansi zote nyingine, masomo ya jamii nyingine, kisha andika jina la somo kwa herufi kubwa. Rangi nne zilizo wazi zinashinda tisa zinazofanana.

Vifaa. Huu ndio wa bei nafuu kuliko yote. Utepe wa plastiki wa rangi, au kipande cha karatasi ya manila kilichobandikwa kwa selotepu, hudumu mwaka mzima. Hauhitaji hata hailaita moja.

Unamfaa nani. Mwenye vitu vingi vya kufuatilia: mwanafunzi wa chuo mwenye kozi sita, anayefanya kazi mchana na kusoma jioni, mzazi anayesimamia madaftari ya watoto watatu. Kama tatizo lako ni kupoteza karatasi na kusahau kipindi, anza hapa. Kama tatizo lako ni kusahau ulichosoma, huu peke yake hautakutoa.

## Mfumo wa tatu: rangi kwa unachokumbuka

Huu ndio unaotumiwa na wachache, na una tabia tofauti na wenzake: rangi haiwekwi wakati wa kusoma. Inawekwa baada ya kujijaribu, daftari likiwa limefungwa.

Unachokudai. Unakudai maswali. Geuza aya yetu kuwa maswali matatu, uyaandike kwenye safu nyembamba upande wa kushoto wa ukurasa au kwenye ukurasa wa mkabala: Ni sababu gani mbili za kiuchumi zilizowasukuma watu? Maji ya Kinjikitile yalifanya kazi gani katika kuenea kwa vita? Kwa nini waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi? Kesho yake funika maelezo, jibu kwa sauti au kwenye karatasi chakavu, kisha fungua ulinganishe. Umejibu bila kutazama, weka nukta ya kijani kando ya swali. Umepata nusu, njano. Umekwama, nyekundu.

Siku tatu baadaye rudia, uweke nukta mpya pembeni ya ile ya kwanza. Tuseme swali la pamba na kodi lilikuwa kijani likabaki kijani. La maji lilikuwa nyekundu, likawa njano. La njaa lilikuwa kijani siku ya kwanza, sasa ni nyekundu. Hilo la tatu ndilo lililokudanganya: ulilijibu kwa sababu ulikuwa umelisoma jana, si kwa sababu umelielewa. Ukilirudia sasa, rudi kwenye kiungo cha kuchoma mashamba, maana ndicho kilichokosekana kwenye jibu lako.

Kudanganyika huko kumepimwa. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi matini wasome; wengine wakarudia kusoma, wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana swali lisihesabiwe limekwisha kwa kijani kimoja. Dai vijani viwili mfululizo, vya siku tofauti.

Unachokupa baadaye. Unakupa ramani ya kazi iliyobaki. Zikibaki jioni mbili kabla ya mtihani, husomi daftari zima. Unasoma penye nyekundu na njano. Hakuna mfumo mwingine hapa unaookoa muda kiasi hicho.

Unapogeuka kelele. Mara mbili. Kwanza, mtu anapopaka maandishi yenyewe kwa hailaita badala ya kuweka nukta pembeni. Hali ya kukumbuka hubadilika kila wiki, na hailaita haifutiki. Baada ya mwezi sentensi iliyokuwa nyekundu bado inapiga kelele ingawa unaijua kama jina lako. Pili, mtu anapojipa kijani baada ya kuchungulia. Ukiona ukurasa wote ni kijani tangu siku ya kwanza, mpe mwenzako aulize maswali hayo kwa mpangilio tofauti. Kijani cha kweli hakiyumbi swali likigeuzwa.

Nyekundu nyingi mwanzoni huwakatisha watu tamaa, hasa waliozoea nyekundu kuwa wino wa mwalimu anayesahihisha. Kama inakuvunja moyo, tumia zambarau. Mfumo haujali.

Vifaa. Penseli tatu za rangi, au hata peni moja yenye alama tatu: duara tupu, duara lililojazwa nusu, duara lililojazwa lote. Alama hizo nazipendekeza kwa kila mtu kwa sababu ya upofu wa rangi. Kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na kijana anaweza kufika sekondari bila kujua analo. Nyekundu, njano na kijani ndio mchanganyiko mbaya kuliko wote kwake. Mwenye shida hiyo atumie bluu, njano na nyeusi, au maumbo.

Unamfaa nani. Aliyekwisha kusoma mada mara moja na sasa anarudia, na yeyote mwenye mtihani ulio karibu. Haufai kwa usomaji wa kwanza. Huwezi kupima kumbukumbu ya kitu ambacho hujakielewa.

## Shajara ya ratiba ina mahitaji yake

Ratiba haihitaji kukumbukwa, inahitaji kuonekana. Kwa hiyo yale ya von Restorff yanafanya kazi kwa kitu kimoja tu: siku ya mwisho ya kukabidhi kazi au siku ya mtihani. Hiyo ipewe rangi moja nzito isiyotumika mahali pengine popote kwenye shajara. Vipindi vya kujisomea vipewe rangi za masomo, zilizofifia, na kwa familia kama nilivyosema. Mambo ya nyumbani, kanisani au msikitini, na shughuli nyingine yaandikwe kwa peni bila rangi.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupaka rangi kitu kilichokwisha, kwa furaha ya kukimaliza. Kufikia Alhamisi wiki iliyopita inang'aa na kesho imefifia. Kilichokwisha kipigwe mstari kwa penseli. Rangi ni ya kilicho mbele.

## Kutumia mifumo miwili pamoja

Inawezekana, mradi kila mmoja ukae sehemu yake. Rangi ya somo nje ya daftari, rangi ya aina ya hoja ndani ya maandishi, nukta za kukumbuka kwenye pambizo. Jicho linajua likitazama wapi linauliza swali gani. Kinachoshindikana ni njano yenye maana ya "sababu" kukaa kando ya njano yenye maana ya "nimekumbuka nusu" kwenye mstari uleule. Kwa hiyo nukta za pambizo zitumie maumbo badala ya rangi.

Na kuna jambo la vitabu vya kurithi, vinavyopita kwa kaka, dada na majirani hadi kurasa zinalegea. Silvers na Kreiner walionyesha mwaka 1997 kwamba wanafunzi waliosoma matini yaliyokwisha kupakwa rangi mahali pasipofaa walielewa vibaya kuliko waliosoma matini safi, na kuwaonya mapema wasizifuate rangi hizo hakukuwasaidia. Kitabu cha namna hiyo kitumie kusoma, lakini maelezo yako yaandike kwenye daftari jipya, na rangi ziwekwe humo. Usiendeleze rangi za mtu mwingine, hata kama alifaulu.

## Chagua kwa hali uliyo nayo

Kama uko mwanzoni mwa muhula na mada ni mpya, tumia rangi kwa aina ya hoja, kwenye somo moja linalokupa shida ya kuandika insha. Usianze na masomo yote.

Kama una wiki nne au pungufu kabla ya mtihani, acha madaftari yalivyo. Usiyapake upya, hata kama yanaudhi macho. Andika maswali pembeni na uanze nukta za kukumbuka leo.

Kama unasoma vizuri lakini unasahau kazi na kuchelewa kukabidhi, rangi ya somo kwenye shajara na madaftari, na ile rangi moja nzito kwa tarehe za mwisho.

Kama huna hailaita, wala hela ya kununua, mfumo wa tatu kwa maumbo unakutosha kabisa, na hakuna kinachopungua.

Kama daftari lako tayari limejaa rangi kila mahali, usilirudie lote. Chukua mada tatu ambazo huulizwa mara nyingi, fupisha kila moja kwenye ukurasa mmoja mpya kwa peni ya kawaida, kisha upake kwa kipimo cha kusoma yenye rangi tu. Kurasa nyingine zisomee maswali, macho yakiwa kwenye pambizo.

Na kama ni mwalimu au mzazi unayemwongoza mtoto, mwache achague rangi mwenyewe, lakini mwombe akueleze kwa nini sentensi hii ilipata njano na ile ikakosa. Akishindwa kueleza, mpe penseli na swali moja la kuandika juu ya ukurasa, aanze upya aya ileile.